Ukiuliza 'Je, ni nzuri?' utajibiwa 'Ni nzuri': Namna ya kumhoji msomaji wa kwanza wa mswada wako

Majuzi nilipokea barua kutoka kwa mwalimu mmoja kijana ambaye ni mfuasi wa ukumbi huu. Ameandika riwaya, akawapa marafiki kumi waisome, na wote kumi wakamsifu. Mmoja alimwambia eti hajawahi kusoma kitu kitamu kama hicho. Kisha akaupeleka mswada kwa mchapishaji, ukarudishwa. Sasa anauliza: Je, marafiki zangu walinidanganya, au mchapishaji hajui kazi yake?

Nilipoisoma barua hiyo nilicheka, ila si kwa kumdharau. Nilicheka kwa sababu yaliyomfika yalinifika mimi pia, tena nikiwa nimefundisha fasihi kwa miaka mingi. Ninavyoona, marafiki wale hawakudanganya, na huenda mchapishaji naye hakukosea. Waliulizwa vibaya. Ndiyo maana leo nataka tuijadili hojaji ya msomaji wa awali, yaani yule anayeusoma mswada kabla haujamfikia mhariri.

Riwaya yangu ilikuwa na kurasa 128 zilizopigwa chapa, sura 12. Inahusu familia moja ya Kitui inayogombania hati ya shamba baada ya kifo cha baba. Kuna Syombua, mjane. Kuna Mutua, mwanawe. Na kuna Kilonzo, ndugu mdogo wa marehemu. Hati ya shamba imepotea, na riwaya nzima inazunguka hapo. Niliwapa wasomaji sita nakala pamoja na hojaji ya maswali matano. Hebu niyaweke hapa wazi, hata kama yananiaibisha: Je, uliipenda hadithi? Je, mwanzo unavutia na unaeleweka? Je, wahusika wanaaminika? Je, lugha ni nzuri? Una maoni gani ya jumla?

Majibu yalikuwa 'ndiyo' nne na 'hongera sana mwalimu, kaza buti'. Mmoja aliongeza kwamba niangalie matumizi ya koma. Nikajaa furaha, nikautuma mswada. Baada ya miezi saba ulirudi ukiwa na kijibarua cha mistari mitatu. Msomaji wa kampuni alisema kuwa alishindwa kufuata nani ana hati na nani haina, na kwamba mjane 'anabadilika bila sababu' kufikia sura ya 9.

Nilikasirika, kwa kweli. Mimi najua hati iko kwa nani. Mimi ndiye niliyeipeleka huko! Wasomaji wangu sita hawakulalamika. Ila nilipowarudia wawili kati yao na kuwauliza ana kwa ana hati ilikuwa kwa nani katikati ya riwaya, mmoja alisema kwa Kilonzo, mwingine kwa Syombua. Kila mmoja alikuwa na hakika. Kumbe walikuwa wamesoma riwaya mbili tofauti, na hojaji yangu haikuwa na nafasi ya kulionyesha hilo.

Tuanze na kasoro za maswali yenyewe. Swali linaloanza kwa 'Je' na kuishia kwenye kitenzi cha kusifu lina majibu mawili tu, na moja kati ya hayo ni utovu wa adabu. Mtu aliyekula kwako hawezi kukuambia chumvi ilizidi ikiwa umemuuliza, 'Je, chakula kilikuwa kitamu?' Katika jamii zetu, anayekuonyesha kazi ya mikono yake anapewa hongera, jinsi mfiwa anavyopewa pole. Hongera ni salamu ya heshima kwa mwandishi. Haisemi lolote kuhusu ukurasa wa 41. Isitoshe, wanaotunga hojaji za utafiti wanajua vyema kuwa mhojiwa huelekea kukubali lolote analoulizwa, hasa anapomheshimu anayeuliza.

Swali langu la pili lilikuwa na kasoro nyingine: lilibeba maswali mawili kwa mpigo. Mwanzo unaweza kuvutia bila kueleweka. Msomaji anayejibu 'ndiyo' ameniambia lipi? La tatu na la nne yalimtaka msomaji awe mhakiki. Kuaminika kwa wahusika ni hukumu ya kitaaluma, na msomaji wa kawaida akidaiwa hukumu ambayo hakuizoea hukimbilia maneno ya jumla. La tano lilikuwa limeachwa wazi mno kiasi kwamba kila mtu aliweza kulijibu bila kuufungua mswada.

Basi nini kiulizwe? Mwandishi wa Marekani, Orson Scott Card, katika kitabu chake cha uandishi kilichotoka mwaka wa 1990, anapendekeza kwamba msomaji wa kwanza asiombwe kutoa dawa wala kutaja ugonjwa. Aseme tu kilichompata alipokuwa akisoma. Hapo ndipo palipo na kiini cha mambo. Mgonjwa hahitaji kujua jina la maradhi yake. Anahitaji kumwambia daktari panapouma, na maumivu yalianza lini. Msomaji ni mjuzi asiyeweza kupingwa kuhusu jambo moja tu, nalo ni usomaji wake mwenyewe. Akisema alichoka ukurasa wa 41, huwezi kumwambia hakuchoka. Akisema sura ya tatu ifutwe, hapo mnaweza kubishana.

Kwa hivyo niliiandika upya hojaji yangu, nikatafuta wasomaji wapya saba. Watano niliwapa mswada. Wawili niliwaweka akiba, na sababu yake nitaieleza baadaye. Sikuwarudia wale sita wa kwanza kwa sababu mtu husoma kitabu kwa mara ya kwanza mara moja tu. Wao walishajua mwisho, na anayejua mwisho hapotei njiani.

Badiliko la kwanza lilihusu wakati wa kuuliza. Ukimsubiri msomaji afike mwisho ndipo umuulize, atakuwa ameshasahau alipokwama. Ukweli aliougundua sura ya 12 utarudi nyuma na kufunika utata wa sura ya 6, naye ataapa kwamba alijua tangu mwanzo. Nikaugawa mswada katika vipande vinne vya sura tatu tatu, kila kipande na karatasi yake ya maswali ndani ya bahasha iliyofungwa. Agizo lilikuwa hili: maliza kipande, fungua bahasha, jibu, kisha ndipo uendelee. Usirudi nyuma kurekebisha majibu.

Pili, niliwapa herufi nne za kuandika pambizoni kwa penseli wakiwa wanasoma, bila maelezo yoyote. C ilimaanisha 'nimechoka', K 'nimekanganyikiwa', S 'siamini', na T 'tamu'. Hiyo ya mwisho msiidharau. Sifa si adui. Sifa isiyokuwa na anwani ndiyo isiyosaidia. T iliyowekwa kando ya aya fulani inakuambia usiiguse aya hiyo unapopunguza kurasa.

Maswali ya ndani ya bahasha yalikuwa sita:

1. Ulikisoma kipande hiki kwa vikao vingapi? Kila ulipoweka karatasi chini, ulikuwa umefika ukurasa upi?

2. Simulia kwa sentensi tatu au nne yaliyotokea, kana kwamba unamwambia mtu ambaye hajasoma.

3. Kuna mahali ulirudi nyuma kusoma tena? Taja ukurasa. Ulikuwa unatafuta nini?

4. Kufikia hapa, hati iko kwa nani? Taja ukurasa uliokuambia hivyo.

5. Unatarajia nini kitokee katika kipande kijacho?

6. Ukilazimishwa kuondoa kurasa mbili katika kipande hiki, utaondoa zipi?

Tazameni viulizi vyenyewe: vingapi, upi, nini, nani, zipi. Hakuna hata kimoja kinachoweza kujibiwa kwa 'ndiyo' au 'nzuri sana'. Nilikiepuka pia kiulizi 'kwa nini'. Ukimuuliza mtu kwa nini alichoka, atahisi anadaiwa kujitetea, naye ataunda sababu papo hapo, aghalabu ya kukupendeza. Ukimuuliza alikuwa anatafuta nini aliporudi nyuma, atakumbuka tendo alilolifanya.

Swali la sita lina hila ndogo. Msomaji wetu mwenye adabu hatakwambia kurasa fulani hazina maana. Lakini ukisema amelazimishwa, lawama inakuwa yako, naye anapata ruhusa ya kuchagua. Kurasa mbili hizo hutazifuta kwa amri yake. Utazitazama tu kwa makini zaidi, hasa ikiwa watu watatu wamezichagua zilezile.

Mpangilio nao una uzito. Masimulizi huru ya swali la pili lazima yatangulie swali la hati, maana swali lililo mahususi hupanda mbegu kichwani. Kama ningeanza kwa kuuliza kuhusu hati, kila mtu angeitaja katika muhtasari wake, nami nisingejua nani aliiona kuwa muhimu bila kusukumwa. Hatari kubwa zaidi ni swali linalobeba jibu lake. Rasimu yangu ya kwanza ya swali la nne ilikuwa: 'Je, uligundua kwamba Kilonzo ndiye aliyeficha hati?' Nani angesema hakugundua?

Kosa hilo sikuliona mimi. Liligunduliwa na jirani yangu, muuzaji wa vifaa vya ujenzi, ambaye nilimwomba ayasome maswali peke yake bila mswada na anieleze kila moja linamtaka afanye nini. Alipofika hapo akaniambia, 'Aisee mwalimu, hili umeshanijibia.' Ni jaribio la nusu saa, nalo linafaa kufanywa kabla ya kutoa nakala hata moja. Mtu akikuuliza 'unamaanisha nini hapa?' zaidi ya mara moja, swali hilo liandike upya.

Sasa nieleze majibu yalikuwaje. Nilichora jedwali: wasomaji watano upande wa kushoto, sura 12 juu, na katika kila kisanduku herufi walizoweka na kurasa walizosimama. Kilichojitokeza haraka ni sura ya 9. Humo Syombua anakwenda katika ofisi ya ardhi mjini Kitui, analia mbele ya karani akiomba nakala ya hati. Wasomaji wawili walikuwa wameweka S katika tukio hilo. Wa tatu hakuweka herufi yoyote, ila aliweka mswada chini hapohapo na hakuurudia kwa siku nne. Ushauri walioandika ulitofautiana. Mmoja alitaka kilio kipunguzwe. Mwingine alisema Syombua ni mnafiki na hilo lionyeshwe mapema. Wa tatu alisema sura nzima ni ndefu.

Ningefuata ushauri huo, ningeikata sura ya 9. Ingekuwa hasara, kwa sababu wasomaji wawili waliobaki waliweka T katika tukio lilelile. Swali likawa: kwa nini watu watano wasome ukurasa mmoja, watatu wasiamini na wawili wafurahi? Jibu nililipata nilipotazama bahasha za kipande cha pili, kinachoishia sura ya 6. Walipoulizwa hati iko kwa nani, watatu waliandika Syombua. Wawili waliandika Kilonzo. Na watatu hao ndio walewale waliokwama sura ya 9! Waliamini kwamba mjane amekalia hati nyumbani, sasa anamlilia karani kwa lipi? Maumivu yalikuwa sura ya 9, lakini jeraha lilikuwa sura ya 6.

Wote watatu walikuwa wametaja ukurasa mmoja kama ushahidi wao. Niliufungua, nikakuta sentensi hizi nilizokuwa nikijivunia: 'Usiku huo Kilonzo alimwita Syombua kando ya ghala. Alimwambia kwamba hati anayo, na asipotulia ataiuza.'

Hebu zisomeni tena. Hati anayo nani? Kichwani mwangu Kilonzo alikuwa anamtisha shemeji yake kwamba hati anayo yeye. Ila sarufi haisemi hivyo. Kiambishi cha nafsi ya tatu, 'a-', hakitofautishi mwanamume na mwanamke, wala hakionyeshi kama kinamrejelea msemaji au msikilizaji. Sentensi ileile inaruhusu maana kwamba Kilonzo anamshutumu Syombua: wewe unayo hati. Katika Kiingereza viwakilishi vya kike na vya kiume vingewatenganisha wawili hawa. Kiswahili kinamtaka mwandishi awatenganishe mwenyewe. Mimi sikuuona utata huo kwa miaka mitatu kwa sababu kila nilipoisoma sentensi ile nilimsikia Kilonzo akizungumza. Nyani haoni kundule, walisema wahenga.

Dawa ilikuwa fupi. Niliyatoa maneno katika taarifa ya nafsi ya tatu na kuyarudisha kinywani mwa msemaji: '"Hati ninayo mimi, shemeji," Kilonzo alisema. "Na usipotulia, nitaiuza."' Nafsi ya kwanza na ya pili zikafanya kazi ambayo nafsi ya tatu haikuiweza, na neno 'shemeji' likatuambia anayesikiliza ni nani. Sura ya 9 sikuigusa hata neno.

Hapa ndipo wale wasomaji wawili wa akiba walipohitajika. Niliwapa mswada uliorekebishwa, bahasha zilezile, bila kuwadokezea chochote. Wote wawili waliandika kwamba hati iko kwa Kilonzo, na sura ya 9 haikupata S. Nakiri kwamba watu wawili ni wachache. Lakini anayetumia wasomaji wake wote katika awamu ya kwanza hatakuwa na njia ya kujua kama dawa imeponya au imehamisha ugonjwa.

Mwalimu wangu kijana atauliza: Je, kila herufi ya msomaji itiiwe? La. Mimi hufuata kanuni nyepesi. Msomaji mmoja akikwama mahali ambapo wengine wamepita salama, naandika kando na kuendelea, maana huenda alikuwa na usingizi au watoto walikuwa wanapiga kelele. Wawili wakikwama mahali pamoja, nasoma upya ukurasa huo na kurasa kumi zilizoutangulia. Watatu kati ya watano wakikwama, siruhusu fahari yangu inijibie. Pana kitu, hata kama sababu wanazotoa zinapingana. Na hasa zikipingana. Huo ni ushahidi kwamba wote wameihisi kasoro bila kuiona, kwa hivyo kila mmoja anabahatisha.

Kuna kukwama kunakotakiwa, vilevile. Nilipata K mbili katika sura ya 2, ambapo Mutua anaiona taa ghalani usiku. Nilitaka msomaji asijue ile taa ni ya nani. Ndiyo sababu swali la tano linauliza anachotarajia: anayekanganyikiwa na bado ana dhana mbili tatu za kitakachotokea, huyo ana shauku. Anayekanganyikiwa na kuandika 'sijui' au kuacha nafasi tupu, huyo umempoteza.

Hojaji hii ina mipaka yake pia. Haitakuambia kama dhamira ya riwaya ina uzito, wala kama mtindo wako umeiga wa mtu mwingine. Hayo ni kazi ya mhariri na mhakiki. Tena inamchosha msomaji: bahasha nne za maswali sita ni majibu 24, na mmoja wa watano wangu aliyajibu ya kipande cha mwisho kwa neno moja moja. Ningekuwa naanza leo, ningepunguza kipande cha mwisho kiwe na maswali matatu, na moja kati yake limtake ataje tukio moja analolikumbuka bila kufungua mswada.

Riwaya yangu sasa iko kwa mchapishaji mwingine, nami nangoja kama wewe, mwalimu. Marafiki zako kumi usiwalaumu, walikupa walichoombwa. Watafute watano wengine, watu wanaosoma vitabu kwa hiari yao na ambao hawakuogopi. Yagawe maandishi yako vipande, funga bahasha, na swali lako la kwanza lisiwe kama wameipenda kazi yako. Waulize waliiweka chini ukurasa wa ngapi.